Kimya cha Chumba cha Mbele

Watu walisema Drusilla ana roho ngumu, na ungemwona asubuhi ile ungesema vivyo hivyo. Mume wake hajamaliza hata msimu mmoja kaburini, na yeye huyo amekaa mezani na makasi, anakata maneno ya marehemu vipande vipande kama fundi anayekata sare za shule. Anakata, anapaka gundi, anabandika, anachukua karatasi nyingine. Chozi hakuna, kuguna hakuna.

“Mama Phelis,” Kiplangat alimwambia, “hiyo kanda ya mzee niachie mimi. Wewe shika ya Onyancha.”

“Ni karatasi tu,” Drusilla akasema, na makasi yakaendelea.

Kiplangat alikuwa mwongozaji wa filamu, kijana wa Sigowet aliyesomea kazi hiyo ng'ambo akarudi na ndevu. Makanisa yalikuwa yamemkabidhi kazi ya kutengeneza filamu ya saa moja juu ya wazee waliochuma chai ya kwanza katika nchi ile: walikujaje, walilala wapi, nani alirudi kwao na nani alibaki. Mwaka huo wa sabini na tatu walizunguka na kamera kutoka Sigowet mpaka Chepilat, wakauliza, wakauliza tena. Wazee nao wakiulizwa jambo moja wanajibu saba. Sasa zilikuwapo saa na saa za mazungumzo, na kazi ilikuwa imehamia katika nyumba ya zamani ya karani pembeni mwa shamba la chai, nje kidogo ya Kericho, mahali ambapo mvua ya saa nane inapiga mabati mpaka watu wanaongea kwa ishara.

Asiyejua kazi hii anadhani filamu inatengenezwa na kamera. Wapi! Kamera inakusanya tu. Filamu inatengenezwa mezani, tena kwanza kwa karatasi, kwa sababu karatasi ikikatwa vibaya unachukua nyingine, na filamu ikikatwa imekatwa. Kila neno lililosemwa mbele ya kamera lilikuwa limepigwa chapa na karani mmoja Nairobi. Drusilla, aliyekuwa karani wa ushirika kabla hajaajiriwa na Kiplangat, ndiye aliyetafsiri ya Kikisii. Kisha akayakata yale mazuri. Kila kipande aliandika namba ya kanda, mahali kinapoanza kwenye kihesabio cha mashine, maneno ya kwanza, maneno ya mwisho, na urefu wake, ambao aliupata kwa kukisoma kwa sauti huku anaangalia saa. Vipande vikapigwa pini ukutani. Vikahamishwa, vikarudishwa, vikahamishwa tena, mpaka bibi Bitutu wa Chepilat akawa anaanzisha jambo na mzee Onyancha analimalizia, na hali walihojiwa siku tofauti. Mahali wanapokatiza maneno ya mtu mmoja, waliandika pembeni picha ya kufunika kile kiungo: mikono inachuma, kikapu kinamwagwa, ukungu juu ya mitaro ya chai. Usipofunika, kichwa cha mtu kinaruka kwenye picha kama amepigwa kofi.

Ukuta ukikubali, mpango unaandikwa kwenye karatasi ndefu zenye safu mbili, picha kushoto, sauti kulia, kisha unakwenda Nairobi kwa mkataji. Na hapa ndipo penye neno lenyewe. Kilichoandikwa kwenye mpango, picha yake inachapwa. Sauti yake inahamishwa kutoka kanda ndogo za Ongeri, mtu wa sauti, hadi kwenye ule mkanda wenye matundu unaokwenda sambamba na picha. Kisichoandikwa hakihamishwi. Kanda zenyewe ni za kanisa, si nyingi, na kwaya ya Kabianga ilikuwa inazisubiri kurekodi nyimbo zao. Jumatatu Ongeri angezifuta zote.

Drusilla alilijua hilo kuliko wote. Alitaka kitu kimoja tu: sauti ya Bosire, mume wake, isifutwe. Kuisikia hakutaka, hata kidogo. Kuihifadhi alitaka. Usimwulize anavitakaje viwili hivyo kwa pamoja, hata yeye hakujua.

Angeweza kumwomba Ongeri amfichie kanda. Ongeri ni mtu wa kwao, angeelewa. Lakini nyumbani kwake hakuna mashine ya kuichezea, na tena kuomba kunataka mtu ambaye moyo wake unamwuma. Wa Drusilla ulikuwa umekufa ganzi. Bosire alinyeshewa akipogoa majani yake pale Chepilat, kifua kikambana, hospitali ikashindwa, na tangu siku aliporudi na nguo za mumewe mkononi Drusilla hakuwa amehisi kitu. Msibani aliwapikia waombolezaji chai. Wanawake waliokuja kutoka Kisii walimtazama wakisubiri aanguke chini alie kama wajane wote, na yeye akawauliza kama sukari imetosha. Usiku alijifinya mkono kuona kama utauma. Uliuma. Basi akajua ni mzima, na jambo hilo likamtisha zaidi.

Kwa hiyo alimtafutia Bosire mahali, na akampatia mahali pazuri kuliko pote: mwisho kabisa wa filamu. Kwenye karatasi, mzee alikuwa amesema hivi kwa Kiswahili: “Chai tuliipanda sisi. Lakini mpaka leo sijawahi kumwona mtu anayeinywa ile nzuri.” Kiplangat alipokisoma kipande hicho alipiga meza. “Hapo! Hapo ndipo tunafunga. Lori zinashuka na majani, mzee anasema hayo, halafu giza.” Akakipiga pini mwenyewe.

Ilikuwapo sheria moja tu katika nyumba ile, na Kiplangat aliirudia mpaka ikachosha. Hakuna kipande kinachoingia kwenye mpango bila tiki nyekundu, na tiki nyekundu maana yake ni kwamba aliyekikata amekisikiliza kwenye kanda mpaka mwisho. Karatasi haikuambii kama mtu amemaliza kusema au amevuta pumzi tu. Drusilla alikuwa amesikiliza vipande vyote, vya Bitutu, vya Onyancha, vya wazee wote wa Sigowet ambao Kipsigis chao hakukielewa, yeye na Kiplangat bega kwa bega. Cha Bosire hakukisikiliza. Alichukua kalamu nyekundu akaweka tiki.

Ijumaa walikaa kuupitia mpango kwa mara ya mwisho. Ongeri alikuwa kwenye mashine, mnene, mpole, vipokea sauti shingoni kama kawaida yake. Drusilla anasoma kipande, Ongeri anatafuta kwenye kanda, Kiplangat anasikiliza amefumba macho. Walifika mwisho.

“Bosire,” Drusilla akasoma. “Kuanzia ‘Chai tuliipanda’, mpaka ‘ile nzuri’.”

Ongeri alimtazama kidogo. “Nicheze, Mama Phelis?”

“Si ni kazi? Cheza.”

Mashine ikazunguka, na Bosire akaongea ndani ya chumba. Sauti yake ile ya mkwaruzo, ya mtu aliyepiga kelele mitaroni miaka mingi. Drusilla alitazama ukucha wake. Alingoja kitu kimpate. Hakikumpata.

“Chai tuliipanda sisi,” Bosire alisema. “Lakini mpaka leo sijawahi kumwona mtu anayeinywa ile nzuri...” Akakohoa. Sauti ilikuwa imepanda, bado iko juu, kama mguu ulioinuliwa ambao haujakanyaga. Kisha ikaendelea: “...akamaliza kikombe! Wale wazungu walikuwa wanaacha nusu! Nusu, bwana! Mpishi anamwagia kuku. Mimi nilikuwa naona kuku wa meneja wanakunywa chai namba moja!” Na hapo kwenye kanda Ongeri mwenyewe anasikika akicheka.

Ongeri akasimamisha mashine.

“Mama Phelis,” Kiplangat akasema polepole, “hii uliisikiliza?”

“Ndiyo.”

“Uliisikiliza mpaka mwisho?”

“Tiki si hiyo hapo?”

Kiplangat hakubishana naye. Alikuwa na ndevu za ng'ambo lakini adabu zilikuwa za nyumbani, na mjane habanwi. Alivuta kiti karibu. “Karani wa Nairobi amesikia kikohozi akadhani mzee amemaliza, akaanza mstari mwingine. Lakini mzee hakumaliza. Nikikata hapa, sauti inaning'inia, kila mtu ataisikia. Na hata kama isingening'inia, mzee alikuwa anatania habari ya kuku. Nikikata nitakuwa nimemfanya analalamika. Hakulalamika.”

“Hakuwa mtu wa kulalamika,” Drusilla akasema. Alisema kama anayemweleza karani mwingine juu ya faili.

“Tunaweza kutumia na kuku wake?” Ongeri akauliza.

“Kufunga filamu na kuku?” Kiplangat akakuna ndevu. “Haiwezekani, Ongeri. Tuseme ukweli. Na yale mengine aliyosema, Onyancha ameyasema vizuri zaidi.” Akamgeukia Drusilla. “Pole, mama. Kweli pole sana. Nimeiamini karatasi kama mtoto.”

“Sawa,” Drusilla akasema. Akanyanyuka, akang'oa pini, akakitia kile kipande kwenye bahasha ya vilivyokataliwa. Akaenda jikoni akapika chai akawaletea. Ongeri alishika kikombe chake bila kunywa, na uso wake ulikuwa umejaa huruma ambayo Drusilla hakujua aiweke wapi.

Wakampa mwisho Bitutu. Ilifaa, lakini ilizua shida nyingine. Maneno ya Bitutu yalikuwa yameokotwa hapa na pale, mistari miwili kutoka mwanzo, mmoja kutoka katikati, na yule bibi akiongea anaweza kunyamaza mpaka udhani amelala. Kiplangat aliutaka ule ukimya. Alitaka amwache apumue baina ya maneno.

“Basi nitahitaji sauti ya chumba,” Ongeri akasema.

Kwa ambaye hajafanya kazi hii: hakuna kimya kilicho kitupu. Kila chumba kina mlio wake, wa mabati, wa upepo chini ya mlango, wa watu waliomo. Ukikata maneno na kuacha pengo tupu kabisa, msikilizaji anashtuka kama sinema imekufa. Kwa hiyo mtu wa sauti akimaliza mahojiano anawaomba wote wakae tuli, anarekodi chumba kikiwa kinanyamaza, na mkataji anakitandaza kile kimya chini ya viungo vyote. Kwenye karatasi zilizopigwa chapa hakimo. Karani ataandika nini?

“Ya Bitutu uliichukua?” Kiplangat akauliza.

Ongeri akaona haya. “Mvua ilianza, tukakimbiza vyombo. Ya Onyancha pia, betri. Lakini wote watatu tuliwapigia picha chumba kimoja. Kile chumba cha mbele cha Mama Phelis, kwa ajili ya dirisha kubwa. Kiti kilekile, kipaza sauti palepale.” Akasita. “Niliichukua mara moja tu. Mwisho wa kanda ya mzee.”

Wote wawili wakamtazama Drusilla.

“Nitakaa nje?” akauliza, na mara akasikia jinsi swali hilo lilivyo la kipumbavu. Akajibu mwenyewe. “Hapana. Nakaa. Cheza.”

Ongeri akapeleka kanda mbele, maneno ya kuku yakapita haraka yakilia kama inzi, kisha akaachia. Sauti ya Ongeri ndani ya kanda: “Mzee, sasa tunakaa kimya kidogo tu. Usiongee, usitikisike.” Na Bosire: “Kama kanisani.” Kisha chumba.

Drusilla alikijua. Alikuwa amekaa ndani yake tangu nyumba ijengwe na hakuwahi kukisikia. Mabati yanalia kwa joto la jua. Ng'ombe, mbali. Na karibu kabisa na kipaza sauti, pumzi ya mtu, inaingia, inatoka, na mwisho wake kifua kinachokwaruza kidogo, kile kikwaruzo alichokilaumu miaka yote kwamba kinamnyima usingizi.

Pwaa! Kitu kikaanguka. Mfuniko wa sufuria, sakafuni, ukazunguka zunguka ukatulia.

Alikumbuka. Alikuwa jikoni, amebeba sufuria ya chai ya wageni, amejizuia hata kukohoa. Mfuniko ukamponyoka.

Ndani ya kanda Bosire akaanza kucheka. Alijizuia kwanza, puani, kisha akashindwa. “Msihangaike,” akasema, “huyo ni mama watoto. Huyo hata akinyamaza utamsikia tu.” Wakacheka wote, na Ongeri akasema haya, turudie, mzee. Chumba kikaja mara ya pili. Safi. Mabati, ng'ombe, pumzi.

Kanda ikaisha, mkia wake ukawa unapiga tap, tap, tap. Ongeri hakuusimamisha.

Mkono wa Drusilla ulikuwa umeshika ukingo wa meza na haukutaka kuachia. Hakulia. Ila ganzi ile ilikuwa imeanza kuuma pembeni, kama mguu uliokaliwa ukianza kurudi.

“Ile ya pili ni nzuri,” Kiplangat akasema. “Iandike kwenye mpango, mama. Anzia baada ya kicheko.”

Drusilla akavuta karatasi ndefu. Safu ya kulia, chini ya kila pengo la Bitutu, kila pengo la Onyancha, akaandika: sauti ya chumba, kanda ya Bosire. Akaandika namba ya kihesabio inapoanza na inapoishia. Halafu akachukua kalamu nyekundu akaweka tiki, akamsukumia Kiplangat aweke sahihi.

Kiplangat akasoma. Kidole chake kikasimama kwenye namba. “Umeanzia mapema sana. Hapa ni kabla ya mfuniko.”

“Najua.”

“Mkataji hatahitaji hiyo.”

“Ataikata. Akitaka kuikata, aikate. Lakini ihamishwe kwanza.” Akainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu msiba sauti yake ilipasuka kidogo katikati. “Safari hii nimesikiliza, Kiplangat. Mpaka mwisho.”

Kiplangat akatia sahihi. Sauti zilizoandikwa zikahamishwa; Jumatatu Ongeri alifuta kanda zote, na kwaya ya Kabianga ikaimba juu yake.

Filamu ilionyeshwa baada ya mavuno makubwa ya mahindi, Jumamosi mchana, katika ukumbi wa wafanyakazi, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Watu walijaa mpaka mlangoni, wengine na gumbuti zao miguuni. Mfuniko haukuwamo, wala kicheko. Mkataji alikuwa mtu anayeijua kazi yake, akaviondoa kama Drusilla mwenyewe angeviondoa, na kipande kile kimelala wapi huko Nairobi, au kilifagiwa, hakuna aliyejua. Onyancha alipojiona ukutani alipiga ukemi, ukumbi ukaangua kicheko. Wazee wa Sigowet wakapigiwa makofi. Kwa jina Bosire hakutajwa.

Drusilla alikaa benchi la tatu, na Bitutu kando yake katika kitambaa kipya cha kichwa. Mwisho ukafika. Bitutu mkubwa wa ukutani akasema neno lake, akanyamaza, macho yake yakitazama dirishani. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama. Drusilla alifumba macho.

Bitutu wa kwenye benchi akampiga kiwiko. “We mwanangu, umelala? Sinema ni ya kutazamwa. Si mimi huyo?”

“Nyamaza kidogo, mama,” Drusilla akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni na hakuyafuta. “Bosire anapumua.”

Bitutu akamshika mkono, na yeye pia akainamisha kichwa akasikiliza, mpaka ule ukimya ulipokwisha na bibi wa ukutani akaanza kuongea tena.